Mtandao wa chakula, Kidato cha Tatu: Fatma kaandika 11%, kakosolewa. Jibu ni lipi?

MamaFatma_Tudor
Hamjambo wana jukwaa. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu, na wiki hii wamerudishiwa karatasi ya zoezi la bayolojia. Ina mchoro wa mtandao wa chakula wa baharini, fotokopi ya fotokopi, mistari mingine imefifia. Nimekaa naye mezani tukashindwa mahali patatu, naomba msaada wa wanaojua.

Mchoro uko hivi. Chini kuna kisanduku cha mwani na majani ya bahari, kimeandikwa 12,500. Juu yake kuna visanduku viwili, tafi 110 na konokono 540. Kisha kaa, kisha pweza 30, kisha tewa na mkunga juu kabisa. Mkunga ni 2. Mistari inatoka mwani kwenda tafi na konokono, konokono kwenda kaa na pweza, kaa kwenda pweza na tewa, tafi kwenda tewa. Kati ya pweza na mkunga pana mstari ulioandikwa 12, ila kichwa cha mshale hakionekani. Maelezo ya chini yanasema nambari za visandukuni ni kilojuli zilizojengwa mwilini kwa kila mita mraba kwa mwaka, na za kwenye mistari ni kilojuli zilizoliwa.

Swali la 4(a) linasema tafi alikula kilojuli 1,000, kati ya hizo 380 zikatoka kwa kinyesi na 510 zikatumika kwa kupumua, zimebaki ngapi? Hapo Fatma kapata 110, sawa. 4(b): "Ni asilimia ngapi ya nishati iliyozalishwa na mimea inayoingia katika miili ya walaji wa kwanza?" Kaandika 11%. Kapigwa kosa kwa kalamu nyekundu na jibu sahihi halikuandikwa.

Swali la 2 wameambiwa wamalizie mshale wa pweza na mkunga. Na swali la 6 linauliza pweza wakivuliwa wote, konokono watakuwaje. Hilo hata mimi limenitoa jasho.

Chande001
Mama, hilo halina maneno mengi. Kanuni ni asilimia kumi. Kila ngazi unakata sifuri moja basi. 12,500 inakuwa 1,250, halafu 125, halafu 12.5. Mwambie aandike 10% atapewa alama. Sisi tulifanya hivyo mpaka mtihani wa taifa na tukapita.

MamaFatma_Tudor
Asante mwanangu, lakini 1,250 haipo popote kwenye karatasi. Tafi ni 110, konokono ni 540. Hata ukizijumlisha hazifiki.

MwalimuMstaafu_Likoni
Bi MamaFatma, umeshalitaja jibu bila kukusudia. "Hata ukizijumlisha."

Swali halijauliza tafi. Limeuliza walaji wa kwanza. Ukiangalia mchoro, wanaokula mwani moja kwa moja ni wawili, tafi na konokono, na wote wako ngazi moja. Basi 110 na 540 ni 650. Gawa kwa 12,500, zidisha mia, unapata 5.2%. Hilo ndilo jibu.

Sasa tumtendee haki binti, kwa sababu 11% yake si nambari ya kuokota. Kachukua 110 akagawa kwa 1,000. Hesabu ni safi, ila imejibu swali jingine, nalo ni hili: katika chakula kilichokwisha ingia kinywani mwa tafi, sehemu gani imekuwa nyama ya tafi? Swali la 4(a) lilimwacha palepale kinywani mwa tafi, naye 4(b) akaendelea kutokea hapo. Nimefundisha somo hili miaka mingi na hapo ndipo darasa zima huteleza. Hesabu wanaiweza, wanachokosea ni nambari ya chini, ile ya kugawia.

Kila swali la namna hii, kabla hajashika kikokotoo, aulize: asilimia ya nini? Hapa karatasi inasema "iliyozalishwa na mimea". Basi nambari ya chini ni 12,500, hakuna nyingine.

Fatma hapa (simu ya mama)
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo kama swali lingeuliza tafi peke yake ingekuwa 110 kwa 12,500? Nimepata 0.88%. Inaonekana ndogo mno, ndiyo maana niliiogopa.

MwalimuMstaafu_Likoni
Marahaba mwanangu. Ndiyo, 0.88%, na wala usiiogope. Ni ndogo kwa sababu tafi wako alikula 1,000 tu kati ya 12,500, yaani 8%. Halafu katika hiyo 8% akabakisha 11% mwilini. Chukua 0.08 zidisha kwa 0.11, utaona 0.0088 inarudi palepale. Njia mbili zimekutana, hapo una hakika hukukosea.

Na angalia kwingine. Kwenye mstari wa mwani kwenda konokono pameandikwa ngapi?

Fatma hapa (simu ya mama)
6,000.

MwalimuMstaafu_Likoni
Vizuri. Basi tafi na konokono wamekula 7,000 kwa jumla. Mimea ilijenga 12,500. Kilojuli 5,500 hazikuliwa na mtu yeyote katika mchoro huo.

Ukitaka kuziona, nenda ufuo wa Nyali au Bamburi asubuhi maji yametoka. Yale majani ya bahari yaliyorundikana mchangani, ya kahawia juu na bado mabichi chini, yenye viroboto vya pwani vinavyorukaruka ukiinua fungu. Yale hakuyala tafi wala konokono. Yanaoza, na nishati yake inaenda kwa bakteria, kuvu na wale wadudu wadogo. Mchora karatasi hakuwaweka, na hilo ni pengo la mchoro. Wanafunzi wakiona 12,500 inashuka hadi 650 hudhani 11,850 zote zimepotea kwa joto. Sivyo. Sehemu ni joto la kupumua, sehemu ni kinyesi, na sehemu kubwa haikuguswa kabisa. Hizo mbili za mwisho bado ni chakula cha viumbe wengine.

Chande001
Mwalimu kwa heshima, sasa kanuni ya asilimia kumi iko wapi? Ama tulifundishwa uongo?

MwalimuMstaafu_Likoni
Hamkufundishwa uongo, mlifundishwa makadirio mkayashika kama sheria. Kumi ni wastani wa kukisia pale ambapo huna vipimo. Ukipewa vipimo, unafuata vipimo.

Chukua kazi ya mwanaikolojia Howard Odum pale Silver Springs, Florida, aliyoichapisha mwaka 1957. Alipima chemchemi nzima, kwa kilokalori kwa mita mraba kwa mwaka. Mimea ilinasa 20,810. Kwa walaji mimea zikaingia 3,368. Kwa wanaokula hao zikaingia 383. Kwa wa juu kabisa 21. Piga mwenyewe: hatua ya kwanza ni 16% na kidogo, ya pili 11% na kidogo, ya tatu 5.5% hivi. Maji yaleyale, hatua tatu, na hakuna hata moja iliyotoa kumi kamili. Aliyekata sifuri moja moja angesema wa juu wanapata karibu 21 na angepatia, lakini kwa bahati, kwa sababu ya kwanza ilizidi na ya mwisho ikapungua.

Kwa hiyo mtihani ukisema "kadiria" bila nambari, tumia kumi. Ukikupa nambari, kumi iache mfukoni.

Chande001
Haya, nimekuelewa kwa hilo. Ila bado nasema ukiwa na dakika mbili na swali la alama moja, kumi inaokoa.

KukuHalisi_Kisauni
Samahani kuingilia, mimi si mwalimu, nafuga kuku wa nyama. Hii habari ya kumi au tano naona haiko sawa na ninayoyaona bandani. Kuku wangu nikimpa chakula kizuri, kilo mbili hivi za chakula zinanipa kilo moja ya kuku. Hiyo ni 50%! Kama ingekuwa asilimia kumi ningekula kilo kumi kwa kilo moja, ningekuwa nimefunga biashara zamani. Sasa nani anadanganya, karatasi au mizani yangu?

Nuru_Mikindani
Ami, hakuna anayedanganya. Mizani yako inapima uzito, karatasi inapima nishati. Mimi ni mtu wa maabara, niruhusu nikupeleke polepole.

Chakula unachomwaga ni kikavu. Ukishika unga wa kuku mkononi unatiririka, maji ndani yake ni kidogo sana. Kuku mzima akiwa hai, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na maji hayana nishati ya chakula. Kilo mbili kavu zimezaa kilo moja yenye maji mengi. Ukizilinganisha kwa nishati, ile 50% yako inashuka hadi robo hivi.

KukuHalisi_Kisauni
Robo bado si kumi.

Nuru_Mikindani
Kweli, na sababu unazifanya wewe mwenyewe bandani kila siku. Kuku wako hafukuzwi na mwewe wala hatafuti chakula mchana kutwa, kwa hiyo hatumii nishati nyingi kutembea. Unamwekea taa akiwa kifaranga, kwa hiyo hateketezi chakula kujipasha joto. Chakula umechagua kinachosagika tumboni, si majani magumu. Na unamchinja akiwa bado anakua kwa kasi. Mwache mwaka mzima uone: atakula kila siku na hataongezeka, chakula chote kinaishia kwenye kupumua tu.

Kisha wewe unahesabu chakula alichokula. Hujahesabu mahindi yaliyobaki shambani, mabua, mizizi, magunzi. Karatasi ya Fatma inaanzia kwenye mmea wote. Hesabu yako ni ndugu ya ile 11% ya Fatma, ya kinywani kwenda mwilini.

KukuHalisi_Kisauni
Hapo kwa taa na kutotembea nimekufahamu vizuri sana. Wale wa kienyeji wa mke wangu wanaozurura uani wanakula na hawanenepi, sasa najua wanapeleka wapi.

Baharini_Daima
Nimesoma hili swali la pweza. Jibu ni kwamba pweza asivuliwe ovyo, hasa jike akiwa pangoni na mayai, maana hali chakula mpaka yatoke na yeye hufa. Tukimmaliza huyo tumemaliza kizazi. Watoto wafundishwe hivyo shuleni.

MamaFatma_Tudor
Asante ami, ni maneno ya maana, lakini karatasi inauliza konokono watafanyaje pweza wakiisha. Na mshale wa mkunga.

Baharini_Daima
Aa. Mkunga ndiye anayemla pweza. Nimemtoa pweza pangoni mikono imekatwa miwili mitatu, kazi ya mkunga hiyo. Mkubwa akikutana na pweza hakuna maswali.

Nuru_Mikindani
Ami amesema alichoona, na karatasi yenyewe inathibitisha hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuona bahari. Fatma, tazama. Mstari umeandikwa 12, yaani kilojuli 12 zimeliwa. Kisanduku cha mkunga ni 2. Kisanduku cha pweza ni 30. Mwenye 2 hawezi kuliwa 12 kwa mwaka. Mwenye 30 anaweza. Basi nishati inatoka kwa pweza inaingia kwa mkunga, na kichwa cha mshale kinakaa upande wa mkunga.

Wengi huchora kinyume kwa sababu akilini wanasema "mkunga anakula pweza" na kidole kinatoka kwa mkunga. Mshale haufuati mlaji anakokwenda kuwinda, unafuata chakula kinakoishia. Fotokopi ikifuta vichwa, tafuta kwanza yule asiyeweza kula mtu, hapa ni mwani. Mishale yote inaondoka kwake, hakuna unaoingia. Kutoka hapo panda juu, na palipo na shaka tumia nambari kama tulivyofanya.

Fatma hapa (simu ya mama)
Mimi nilichora kwenda kwa pweza 😔. Sasa swali la 6. Mwongozo alioutuma mwalimu kwa kikundi unasema: "Konokono watapungua, kwa kuwa kaa wataongezeka na kuwala." Lakini kwenye mchoro pweza pia anakula konokono. Mimi niliandika wataongezeka.

MwalimuMstaafu_Likoni
Umeona vizuri kuliko aliyeandika mwongozo. Kwenye mchoro huo kuna njia mbili kutoka kwa pweza hadi kwa konokono. Moja ni fupi: pweza anamla konokono, pweza akiondoka konokono wanapumua. Ya pili inapitia kwa kaa: pweza akiondoka kaa wanazidi, na kaa wakizidi konokono wanaliwa zaidi. Njia moja inawaongeza, nyingine inawapunguza. Mwongozo umefuata njia moja na kuisahau nyingine, nawe ukafuata nyingine.

Hapo pia utaona pweza ana ngazi mbili. Akila konokono ni mlaji wa pili. Akila kaa ni mlaji wa tatu. Ndiyo tofauti ya mtandao na mnyororo, huwezi kumpa mnyama kama huyo ngazi moja ukatulia.

Chande001
Sasa jibu ni kuongezeka au kupungua? Mtihani unataka neno moja.

Nuru_Mikindani
Tutazame mistari. Fatma, konokono kwenda pweza ni ngapi, kaa kwenda pweza ni ngapi, na konokono kwenda kaa?

Fatma hapa (simu ya mama)
Konokono kwenda pweza 90. Kaa kwenda pweza 25. Konokono kwenda kaa 300.

Nuru_Mikindani
Basi kwa nambari hizi, pweza akitoweka konokono wanaokoa kilojuli 90 moja kwa moja. Kaa wanaokoa 25 tu. Lakini kaa 25 zilizookoka ni kaa walio hai, nao watakula. Kilojuli 25 za mwili wa kaa zinahitaji chakula kingi kujengeka, kama kaa anabakisha sehemu moja ya kumi basi ni konokono wa kilojuli 250, ambao ni zaidi ya 90. Kwa hesabu hiyo mwongozo unaweza kuwa sahihi. Ila tewa naye yuko pale anakula kaa, na kaa wakizidi tewa atakula zaidi, hivyo kaa hawatabaki wote. Mimi siwezi kuapa.

MwalimuMstaafu_Likoni
Hapo mimi na wewe tunaachana kidogo, Nuru. Nambari za mwaka mmoja zinakuambia nishati ilipita wapi mfumo ukiwa umetulia. Hazikuambii mfumo utaelekea wapi ukishaugusa. Kaa akikosa adui huenda akapungukiwa na mahali pa kujificha kabla ya chakula, na hapo hesabu ya 250 haina kazi. Mimi ningetoa alama kwa jibu lolote lililotaja njia na kuieleza, na alama zaidi kwa aliyetaja zote mbili.

Baharini_Daima
Mimi nitawaambia ninachokiona mdomoni mwa pango. Pweza akila anatupa maganda nje, ndivyo tunavyomtambua. Maji ya bamvua yakitoka natafuta lile fungu la maganda, jiwe likiwa limezibwa na vijiwe vidogo. Pango jingine fungu lote ni magamba ya kaa, makucha na vifuniko. Pango jingine, hatua chache tu, limejaa konokono na chaza, ganda moja lina tundu dogo alipotoboa. Pweza wale wale, mwamba ule ule. Kwa hiyo huo mstari wa 90 na wa 25 wameupima kwa pango lipi?

MwalimuMstaafu_Likoni
Karatasi haisemi, ami. Nambari za mazoezi hutungwa ili hesabu itoke sawa.

MamaFatma_Tudor
Nimewashukuru sana. La 4(b) tumelimaliza, 5.2%, na Fatma kaliandika upya mwenyewe na njia yake yote. La 2 ameelewa. La 6 atampelekea mwalimu wake kesho na njia zote mbili zimechorwa, na maneno ya ami ya maganda ameyaandika pembeni. Mwalimu wa Likoni, nikuulize moja: amuombe mwalimu alama ya la 6, ama aache?

MwalimuMstaafu_Likoni
Asiombe alama. Amuonyeshe mstari wa konokono kwenda pweza, amuulize huu tuufanyeje. Mwalimu mzuri ataiona mwenyewe.

Chande001
Na kama hataiona?

Nuru_Mikindani
Basi kwenye mtihani aandike njia zote mbili kwa sentensi mbili, aanze na ile ya mwongozo.